Kasri la roho la Mtakatifu Teresa wa Avila: jinsi ya kusali kutoka mlangoni hadi chumba cha nne

Tarehe 2 Juni 1577, sikukuu ya Utatu Mtakatifu, mtawa Mkarmeli mwenye umri wa miaka 62 alikaa kuandika kitabu mjini Toledo, Hispania. Hakuwa na hamu nacho hata kidogo. Kichwa kilimvuma mchana kutwa, na kazi za nyumba za watawa alizokuwa amezianzisha zilimwelemea. Aliandika kwa utii tu. Padre Jeronimo Gracian, mkubwa wake, alimwagiza aeleze upya mambo ya sala kwa sababu kitabu alichokwisha kuandika kuhusu maisha yake kilikuwa kimezuiwa na mahakama ya kanisa iliyochunguza uzushi. Alimaliza Avila tarehe 29 Novemba mwaka huohuo. Kitabu hicho ndicho Kasri la Ndani, ambacho wengine hukiita Makao. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita alimtangaza Teresa kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Kitabu kina sura 27, na 11 kati ya hizo zinahusu makao ya sita, yaani maono, sauti na kunyakuliwa roho. Wasomaji wengi hukimbilia huko, kisha wanaanza kujiuliza wamefika chumba cha ngapi. Mimi naona sehemu yenye msaada mkubwa kwa mtu anayesali kila siku ni ile ya kutoka chumba cha tatu kuingia cha nne, kwa sababu hapo ndipo waumini wema wanakwama kwa miaka bila kujua kinachowasibu. Nitakaa hapo kuliko kwingine.

Kabla ya kuanza: ielewe ramani

Teresa anatuambia tuiwaze roho kama kasri iliyochongwa kwenye almasi moja au kioo kisicho na doa. Ndani yake mna vyumba vingi, kama mbinguni kulivyo na makao mengi. Katikati kabisa anakaa Mfalme, ambaye ni Mungu, na mwanga wote unatoka kwake. Nje ya kuta kuna nyoka, mijusi na wadudu wa kila namna: tamaa, fahari, mali, ugomvi.

Mara moja anaona kasoro ya mfano wake mwenyewe. Kama kasri ndiyo roho yangu, nitaingiaje mahali ambapo tayari nipo? Anajibu kwamba kuna namna nyingi za kuwa mahali. Wapo wanaoishi uani, kwa walinzi, na hawajui hata nani anakaa ndani.

Vyumba saba, ambavyo Teresa anaviita makao, havijapangwa kwa safu moja kama mabehewa ya treni. Teresa anasema tuwaze mti wa jamii ya mnazi unaoliwa moyo wake: ganda juu ya ganda, na utamu uko katikati. Kila moja ya makao hayo ina vyumba vingine vingi ndani yake, juu, chini na pembeni, na roho inaruhusiwa kutembea humo kwa uhuru. Kwa hiyo swali la "niko wa ngapi" halina jibu safi. Mtu anaweza kuonja jambo la chumba cha nne Jumatatu na Jumanne akawa anapigana na mijusi ya chumba cha kwanza.

Jambo jingine la kushika tangu mwanzo ni kwamba dhambi ya mauti haizimi taa ya katikati. Inafunika kioo kwa kitambaa cheusi, jua likaendelea kuwaka upande wa pili. Anayerudi kutoka mbali, basi, hana kazi ya kuwasha kitu. Kitambaa ndicho kinachotakiwa kuondoka, na kwa Mkatoliki kazi hiyo inaanzia kwenye kitubio.

Hatua ya kwanza: ingia kwa mlango

Mlango ni sala pamoja na kufikiri. Kwa Teresa haijalishi kama unasali kwa sauti au moyoni. Linalojalisha ni kujua unasema na nani, unaomba nini, na wewe unayeomba ni nani. Bila hayo, midomo ikitembea namna gani, yeye haiiti sala.

Watawa wake walikuwa na saa nzima ya sala ya ndani asubuhi na nyingine jioni. Mtu mwenye kazi na watoto aanze na nusu saa, wakati uleule kila siku. Kaa, fanya ishara ya msalaba, pitia dhamiri yako kwa ufupi. Kisha tafuta mwenzako: Kristo yupo karibu nawe, na si lazima umchore sura kichwani. Teresa mwenyewe alikuwa dhaifu sana katika kuwaza picha, ndiyo maana alipenda kutazama sanamu au mchoro. Sema Baba Yetu polepole, ukisimama penye neno linalokugusa. Weka Injili wazi mbele yako, na mawazo yakitawanyika soma mstari mmoja uendelee. Anasimulia kwamba kwa zaidi ya miaka kumi na minne hakuweza kutafakari bila kitabu mkononi, kwa hiyo usione aibu kukihitaji.

Muda ukifika, maliza. Usikate kabla, hata siku unayoona hujasali chochote. Teresa anakiri kuna miaka alikuwa makini zaidi kusikiliza saa ikigonga kuliko kubaki na Bwana, lakini alibaki.

Chumba cha kwanza na cha pili

Katika chumba cha kwanza wadudu wameingia pamoja nawe, hivyo mwanga wa katikati huuoni vizuri. Kazi ya hapa ni kujijua. Teresa anaonya kwamba kujijua kuna mpaka: nyuki hutengeneza asali mzingani, lakini hutoka kutafuta maua. Anayeshinda akihesabu makosa yake huishia kuogopa kila kitu, na ile hofu anaiita unyenyekevu. Kila ukitazama uchafu wako, inua macho umtazame Mungu kwa muda unaozidi huo.

Chumba cha pili kinauma zaidi ya cha kwanza, kwani sasa masikio yamezibuka. Mungu anaita kupitia mahubiri, kitabu, ugonjwa, maneno ya rafiki, na bado mtu hajaacha yanayomvuta nyuma. Dawa ni kutokatisha sala na kuwa karibu na watu wanaosali. Teresa anasisitiza pia jambo ambalo wengi hawalipendi: usianze safari ukitafuta raha za kiroho. Lengo la mwanzoni ni kuyalinganisha mapenzi yako na ya Mungu, basi.

Chumba cha tatu, ambako watu wema hukwama

Wa chumba cha tatu ni watu wa kuheshimika. Wanakwepa hata dhambi ndogo, wana saa zao za sala, wanasaidia maskini, nyumba zao zina mpangilio, mavazi na maneno yao yana adabu. Teresa anawasifu kweli. Halafu anawagusa palepale panapouma: maisha yao yamepimwa sana, akili inatawala kila hatua, na upendo haujafika mahali pa kuwatoa nje ya mahesabu yao.

Ndiyo maana ukavu ukija wanashangaa. Wanahisi Mungu anawadai, ilhali wao wamelipa kila kitu. Teresa anawakumbusha yule kijana tajiri wa Injili aliyezishika amri zote na akaondoka na huzuni.

Anatoa kipimo kwa kisa kimoja. Kuna tajiri asiye na watoto wala warithi. Anapoteza sehemu ya mali yake, ila iliyobaki inamtosha yeye na nyumba yake na kuzidi. Akihangaika kana kwamba amebaki bila mkate wa kula, basi hajawa huru, hata kama anasema anataka mali ili awape maskini. Hivyohivyo mtu anayepungukiwa heshima kidogo mbele za watu, akakosa usingizi.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mama anayetunza hazina ya jumuiya ndogo ndogo. Kwa miaka mingi amesali rozari kila jioni, anahudhuria misa za asubuhi, na tafakari ya Injili ilikuwa ikimpa machozi ya furaha. Sasa ni mwezi wa kadhaa hapati kitu. Akifungua Injili, maneno yanabaki maneno. Wiki hiyohiyo jumuiya inamchagua mwingine kushika hazina, tena kijana, na hakuna aliyemshukuru. Akisali anamwona yule kijana tu.

Je, ukavu wake ni wa chumba cha tatu au ni mlango wa cha nne? Kwa nje vinafanana kabisa. Hapo ndipo msaada wa Yohane wa Msalaba unapofaa, mwenzake mdogo wa Teresa katika matengenezo ya Wakarmeli, aliyekuwa muungamishi wa watawa kule Avila Teresa alipokuwa mama mkuu wao. Alitaja dalili tatu. Ya kwanza, huwezi tena kutafakari kwa kuwaza matukio na hoja, na hupati ladha humo. Ya pili, huna hamu ya kuielekeza akili kwenye mambo mengine pia. Inazurura yenyewe, lakini moyo haufurahii kuzurura huko. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye uhakika, unapenda kukaa peke yako ukimwelekea Mungu kwa upendo, bila wazo mahususi, kwa amani.

Zote tatu ziwepo pamoja. Ya kwanza peke yake inaweza kuwa uvivu au mtawanyiko. Ya kwanza na ya pili bila ya tatu zinaweza kuwa huzuni ya mwili, na leo tungemshauri mtu huyo amwone pia daktari.

Mama yetu basi ajipime. Akiwa kwenye sala anatamani kurudia hesabu za hazina na kupanga jibu la kumkomesha kijana, ya pili haipo. Huo ni ukavu wa chumba cha tatu, na dawa yake haiko ndani ya sala: akabidhi daftari zote bila kuficha kitu, amfundishe mwenzake zilivyo, na asiseme neno juu yake kwa majirani. Aendelee kutafakari Injili kama kawaida. Lakini kama suala la hazina linampita, na anajikuta akitaka tu kukaa kimya mbele ya tabernakulo bila kusema lolote, huku akiogopa kwamba anapoteza wakati, huenda anaitwa mbele zaidi.

Chumba cha nne: maji mawili

Teresa anaeleza badiliko hili kwa mahodhi mawili. La kwanza linajazwa na maji yanayoletwa kutoka mbali kwa mifereji, kwa kazi na kelele nyingi. Hayo ni matunda ya kutafakari: ni mema, yanatoka kwa Mungu, ila juhudi yetu ipo. La pili limejengwa juu ya chemchemi yenyewe. Maji yanabubujika kimya kutoka chini, na hodhi linapanuka kadiri linavyojaa. Hiyo ndiyo sala ya utulivu, mwanzo wa taamuli, yaani kumtazama Mungu kimya kwa upendo. Mtu hawezi kuichimba.

Kwanza kwa kawaida huja kujikusanya ndani. Mfalme anapiga mluzi kama mchungaji, mluzi wa taratibu mno, na nguvu za roho zilizokuwa zikizurura nje zinarudi ndani, kama kobe anavyorudisha kichwa. Tofauti yake na kobe, anasema Teresa, ni kwamba kobe hujirudisha apendapo, na sisi hatuwezi.

Sasa ufanye nini? Kosa la kwanza ni kujilazimisha kuacha kufikiri. Kulikuwa na vitabu vilivyofundisha hivyo, na Teresa anavipinga waziwazi. Kama Mfalme hajakuita, ukizima akili kwa nguvu utabaki umepumbaa na kukauka zaidi, na ule mkazo wa kutowaza kitu unaichochea akili iwaze mengi. Kwa hiyo anza kila sala kwa njia yako ya zamani, Injili au Baba Yetu. Ukihisi kuvutwa kwenye ukimya, acha maneno yapungue yenyewe. Neno moja la upendo hapa na pale linatosha. Mvuto ukiisha, rudi kwenye mstari uliouacha, bila kunung'unika.

Kosa la pili ni kuyafukuza mawazo kama mtu anayefukuza kuku. Mtu aliye kwenye sala ya utulivu bado anasikia akili ikipiga kelele, na anaamini sala imeharibika. Teresa alipokuwa akiandika sura hii alisikia kichwani mwake kama mito mikubwa inayoporomoka na ndege wengi wakilia, na bado, anasema, haikumzuia kusali. Mapenzi yanaweza kuwa yametulia kwa Mungu wakati fikra zinatangatanga. Anashauri tukiache kinu kilie clac-clac huku sisi tukisaga unga wetu. Pia anasema jambo la maana ni kupenda sana kuliko kufikiri sana, na kwamba kupenda hakupimwi kwa raha, bali kwa nia ya kumpendeza Mungu katika yote.

Usingizi unaojifanya neema

Teresa aliwaona watawa wenye mwili dhaifu, waliofunga na kukesha kupita kiasi, ambao wakionja utulivu kidogo walijiachia kabisa. Mwili ukalegea, wakadhani wamenyakuliwa. Mmoja alikaa hivyo saa nane, bila kupoteza fahamu na bila kuhisi lolote la Mungu. Walimwagiza ale, alale, apunguze toba, na ile hali ikaisha yenyewe. Wenye mwili wa namna hiyo Teresa anataka wapunguziwe saa za kukaa peke yao na wapewe kazi za kutosha.

Kuitofautisha si kazi ngumu. Neema ya kweli ni fupi, na inaiacha roho macho na yenye nguvu, hata kama mwili umechoka. Baada yake mtu anakuwa mwepesi kutumika, hana haraka ya kusimulia, na woga wa mateso umempungua. Ile nyingine ni ndefu, haizai kitu, na mwenye nayo anakasirika akiitwa jikoni. Mfungo wa siku nyingi pamoja na mikesha mfululizo unazalisha hali hizi kirahisi, kwa hiyo anayesali kwa mtindo huo aanze kwa kula vizuri kabla ya kutangaza alichokiona.

Vyumba vitatu vya ndani, kwa ufupi

Kwenye chumba cha tano kuna muungano mfupi, ambao kwa Teresa haufiki nusu saa, na unaacha uhakika kwamba roho ilikuwa ndani ya Mungu na Mungu ndani yake. Kiwavi wa hariri anajifungia ndani ya nyumba aliyoisokota, anakufa, anatoka kipepeo mweupe. Kipimo chake ni jirani. Hatuwezi kujua kwa hakika kama tunampenda Mungu, ila kama tunampenda jirani inajulikana. Anawaambia watawa wake kwamba ukimwona dada mgonjwa unayeweza kumsaidia, acha ibada yako bila majuto ukamhudumie.

Chumba cha sita kina furaha na maumivu makali, na hapo ndipo kuna sauti na maono. Anayedhani amesikia neno kutoka kwa Mungu apime kwa dalili tatu za Teresa: neno lina uwezo wa kutenda linachosema, kwa mfano kumtuliza mtu aliyefadhaika mara moja, linaacha amani kubwa, na halifutiki kwenye kumbukumbu kwa muda mrefu. Hata likiwa na zote tatu, kama linaagiza jambo zito au linalowagusa watu wengine, mtu asifanye lolote kabla ya kupata shauri la muungamishi msomi. Likipingana na Maandiko lisipokelewe kabisa. Vilevile anakataa katakata wazo kwamba waliofika mbali wamuache Yesu mwanadamu, mateso yake na maisha yake, ili wabaki na Mungu asiye na umbo. Alijaribu zamani, akaona amepotea njia.

Katika chumba cha saba Teresa anazungumzia ndoa ya kiroho, na jambo linaloshangaza wengi ni kwamba misukosuko na kunyakuliwa karibu vinakoma. Roho iko kama maji ya mvua yaliyoanguka mtoni, hayatenganishwi tena. Mtu huyo anafanya kazi za kawaida vizuri kuliko zamani. Martha na Maria wanakaa nyumba moja, kwa kuwa ndoa hiyo ipo ili izae matendo.

Nani wa kumweleza

Teresa aliumizwa kwa miaka na waungamishi wenye nusu elimu. Mmoja alimwambia Mungu yupo ndani ya roho kwa neema tu, ilhali yeye alikuwa amemhisi yupo kweli. Ni msomi wa Kidominiko aliyemtoa kwenye shaka hiyo. Tangu hapo alipendelea mwenye elimu hata kama hana uzoefu wa sala, kuliko mcha Mungu asiyejua teolojia.

Ukimpata kiongozi wa kiroho, usianze kwa kumwambia uko chumba gani. Mweleze unasali muda gani na kwa njia ipi, kinachotokea ukijaribu kutafakari, unakula na kulala vipi, na unaishije na watu wa nyumbani na kazini tangu hali hiyo ianze. Kama kuna mtu umegombana naye, litaje jambo hilo mapema. Akikuambia urudi kwenye Baba Yetu ya polepole kwa miezi michache, rudi. Teresa alimfahamu mwanamke asiyeweza kusali ila kwa sauti, akaja kugundua kwamba katika Baba Yetu hiyohiyo alikuwa akipewa taamuli.